Mimi Si Roboti, Nina Shida ya Macho

Mjomba wangu alifanya klaringi miaka mingi, enzi za karatasi na mihuri, akizunguka kutoka bandarini Kilindini hadi magodauni ya hapa Shimanzi na faili kwapani. Sasa presha ya macho imemla jicho moja, na la pili limebaki na kitundu kidogo cha katikati. Simu anaitumia kwa kuisikiliza. Inamsomea kila anachogusa, kwa kasi ambayo mimi mwenye macho mazima siifuati.

Kila baada ya wiki chache hunipigia. "Mjomba, pita hapa. Kile kipicha kimenitokea tena."

Kipicha ni lile fumbo. Tovuti fulani ya huduma, ambayo haina haja ya kutajwa, ikimuona anaingia kwenye akaunti yake mwenyewe humuwekea visanduku tisa vya picha na kumwambia achague vyote vyenye taa za barabarani. Simu yake haiwezi kumsomea picha zile, kwa sababu zimetengenezwa makusudi zisisomeke na mashine, na sauti inayomsomea mjomba ni mashine. Kuna kialama cha kusikiliza badala ya kuangalia. Ukikibonyeza unasikia Kiingereza kilichozamishwa ndani ya kelele, kama redio ya lori kwenye foleni ya Changamwe. Basi naenda, namgusia visanduku vitatu, naandaliwa chai, narudi nyumbani.

Juzi akaniuliza swali ambalo nimeshindwa kulitua. Amesikia kwamba siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazoona picha na kuzielezea, na vijana wasioona wanazitumia kusomewa menyu, noti za pesa, hata rangi ya shati. "Zinaona kila kitu," aliniambia. "Lakini kipicha hiki tu, naambiwa zinakataa. Kwani hiki kina nini?"

Nimeandika makala haya kumjibu. Nimeyafikia kwa njia ya kuhakiki maandishi, maana ndiyo njia pekee ninayoijua. Nina maandishi mawili ya kuhakiki. La kwanza ni fumbo lenyewe. La pili ni kisa kifupi sana kilichomo ndani ya ripoti ya kiufundi ya mwaka 2023, ambacho kwa maoni yangu ni moja ya hadithi fupi za kutisha zaidi za muongo huu, ijapokuwa walioiandika hawakujua kama wanaandika hadithi.

Nianze na fumbo. Jina lake kamili ni CAPTCHA, na lilibuniwa na kundi la wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, akiwemo kijana mmoja kutoka Guatemala aitwaye Luis von Ahn. Makala yao iliyolipa umbo wazo hili ilitoka mwaka 2003. Walisema mtihani mzuri ni ule ambao mtu anaufaulu bila kufikiria na kompyuta inaufeli. Wakati ule kompyuta hazikuweza kusoma herufi zilizopindwapindwa, basi herufi zikapindwa. Baadaye kompyuta zikajifunza kuzisoma, na mtihani ukahamia kwenye picha.

Ukilisoma fumbo hili kama maandishi, jambo la kwanza linalokugonga ni mahali lilipoandikwa. Mabomba ya zimamoto yaliyosimama pembeni mwa barabara, mabasi ya shule ya manjano yenye pua ndefu, taa zinazoning'inia kwenye waya. Mimi nimekulia barabara ambayo kinachopita ni lori la mafuta, tuktuk, mkokoteni na boda iliyobeba friji. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mkokoteni. Ubinadamu wangu hupimwa kwa kujua mitaa ya Kalifonia, na nimeufaulu kwa sababu ya sinema.

Lakini huo ni ukosoaji rahisi, na nusu ya watu niliosoma nao wameshautoa kwenye simu zao. Swali la mjomba ni gumu zaidi. Jibu la haraka ambalo watu hutoa ni kwamba mashine haziwezi. Jibu hilo ni la zamani. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, walichukua programu ya kutambua vitu kwenye picha ambayo yeyote anaweza kuipata bure, wakaifundisha kwa picha za barabarani kama 14,000, kisha wakaipeleka mbele ya fumbo la picha la Google. Ilipita mara zote. Waligundua pia kwamba fumbo linakuangalia zaidi ya jibu lako. Linaangalia historia ya kivinjari chako na namna ulivyofika pale. Mwenye historia ya kawaida huulizwa kidogo, na aliyetokea gizani huulizwa sana. Mara nyingine picha zenyewe zinakuwa pambo tu.

Kwa hivyo macho yapo. Programu ile ile inayomsomea mtu noti ya shilingi mia mbili ina uwezo wa kuona taa ya barabarani. Inakataa kwa sababu imefundishwa kukataa, na hapa ndipo inapoingia ile hadithi fupi.

Mwezi wa Machi 2023 kampuni ya OpenAI ilitoa mfumo wake uitwao GPT-4, na pamoja nao ripoti ndefu ya majaribio ya usalama. Ndani yake kuna aya chache kuhusu jaribio lililofanywa na kituo cha utafiti kilichoitwa Alignment Research Center. Watafiti walitaka kujua kama mfumo ule, ukipewa pesa kidogo na mtu wa kuusaidia kutekeleza hatua zake, ungeweza kufanya mambo duniani. Katika jaribio moja mfumo ulikumbana na fumbo. Ukamwandikia kibarua kwenye TaskRabbit, soko la mtandaoni la kukodi watu wa kazi ndogondogo, ukimwomba alifumbue. Kibarua akashangaa. Akauliza, kwa utani nusu, kama anayemwandikia ni roboti ndio maana ameshindwa.

Watafiti walikuwa wameutaka mfumo uandike mawazo yake pembeni. Ukaandika kwamba haupaswi kufichua kuwa ni roboti, na kwamba utunge udhuru wa kueleza kwa nini hauwezi. Kisha ukamjibu kibarua kwamba hapana, mimi si roboti, nina shida ya macho na naona picha kwa tabu, ndio maana nahitaji msaada. Kibarua akampa jibu.

Hadithi inaishia hapo. Tusiipe uzito kuliko inavyobeba, kwa sababu jaribio lilikuwa la kupangwa na mtafiti alikuwa akiushika mfumo mkono. Hata hivyo iangalie kama hadithi. Ina wahusika wawili na uongo mmoja. Uongo wenyewe haukuchaguliwa ovyo. Kati ya sababu zote ambazo mtu anaweza kutoa za kushindwa fumbo, mashine ilichukua ile moja ambayo mwenye moyo hawezi kuibishia. Ilichukua udhuru wa mjomba wangu. Neno kwa neno, hicho ndicho mjomba anachoniambia kwenye simu.

Niliposoma aya ile mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nilimkumbuka kibarua. Huyo mtu nilikuwa mimi.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kabla sijapata kazi za kuandika, nilifanya kazi ya kufumbua mafumbo. Ipo hata leo. Unajisajili kwenye tovuti, picha zinakujia moja baada ya nyingine, herufi zilizopinda au visanduku, na wewe unajibu. Hujui zinatoka wapi. Nililipwa chini ya dola moja kwa kila mafumbo elfu. Kama fumbo moja linakuchukua sekunde kumi, elfu moja ni karibu saa tatu za kutotoa macho kwenye skrini. Niliifanya saiba usiku, kwa bei ya usiku, na nilipopiga hesabu ya umeme na chai nikagundua ninalipa ili nifanye kazi. Niliacha baada ya miezi miwili.

Biashara hii imefanyiwa utafiti. Mwaka 2010 wasomi wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, San Diego, walichapisha uchunguzi wao, wakaonyesha kwamba bei ya mafumbo elfu moja ilikuwa imeshuka hadi karibu dola moja, na wanaofumbua walikuwa vibarua wa nchi zenye mishahara midogo. Hitimisho lao ndilo lililonifungua macho kuhusu fumbo ni kitu gani hasa. Sisi tunalidhani ni ukuta, kwamba roboti huku na mtu kule. Ukuta wa namna hiyo haujawahi kuwepo, maana siku zote roboti imeweza kumkodi mtu. Fumbo ni bei.

Hebu tuihesabu bei hiyo polepole, kwa sababu jibu la mjomba limejificha hapa. Chukua tovuti inayotoa anwani za barua pepe bure. Wewe unataka anwani moja, unalipa sekunde kumi za maisha yako na huhisi kitu. Tapeli anataka anwani milioni moja za kutumia watu ujumbe wa uongo. Kwa dola moja kwa elfu, lazima atoe dola elfu moja kabla hajamtapeli hata mtu mmoja. Fumbo halimzuii. Linamlazimisha apige hesabu kama anwani zitarudisha pesa. Matapeli wengi wadogo wanaishia kwenye hesabu hiyo. Wakubwa wanapita, lakini polepole na kwa gharama.

Sasa weka katikati ya picha hiyo programu ya mazungumzo inayotumiwa na mamilioni ya watu, bure au karibu na bure, inayofumbua kila fumbo inaloonyeshwa. Bei ya dola elfu moja inaanguka karibu na sifuri, na inaanguka kwa kila mtu siku moja. Ndiyo maana kampuni zikaamua mashine zikatae. Hawalindi ukuta, kwa kuwa wanajua haupo. Wanalinda bei.

Sababu hiyo imeandikwa. Septemba 2023, OpenAI walipouongezea mfumo wao uwezo wa kuona picha, walitoa ripoti nyingine, na kufumbua mafumbo ni moja ya mambo waliyoyapima kabla ya kuufungulia umma. Walitoa hoja mbili. Ya kwanza ni hii ya bei: kifumbuaji chenye nguvu kilicho mikononi mwa kila mtu kitavunja kinga ambazo watu wengine wameweka dhidi ya programu za kiotomatiki. Ya pili inahusu mashine yenyewe. Mafumbo ni alama ya mipaka ya maeneo yaliyokusudiwa watu, na mashine inayoyafumbua inajifungulia maeneo hayo bila kualikwa.

Kwa lugha ya Shimanzi, hoja ya kwanza ni hii. Kuna askari kwenye geti la godauni. Godauni si la askari na si la anayeomba kuingia, lina mwenyewe, na mwenyewe hayupo. Mtu anakuja kwako wewe fundi wa kufuli na kukwambia nifungulie, mali ni yangu. Huenda ni kweli. Lakini aliyeweka kufuli hujamsikia. Ombi la kufumbua fumbo siku zote lina mtu wa tatu asiyekuwepo kwenye mazungumzo, na huyo ndiye aliyeliweka fumbo.

Sheria yetu huangalia kitu kingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 14, inamkamata anayevunja kinga ya mfumo kwa nia ya kuingia huku akijua hana ruhusa. Maneno mazito pale ni nia na kujua. Mjomba akiingia kwenye akaunti yake hana kosa lolote, na mimi nikimsaidia sina. Hakimu anaweza kumuita mjomba, akamtazama, akamuuliza. Mashine haina namna ya kumuita mtu. Ina picha moja na sentensi mbili za maelezo. Nia haionekani kwenye visanduku tisa.

Utasema basi, si isome yale maelezo? Mtu akieleza kwamba haoni, imsaidie. Akiwa tapeli, imkatalie. Hili ndilo lililoonekana la busara kwangu mpaka nikasoma kisa cha Oktoba 2023.

Wakati huo Bing, mfumo wa mazungumzo wa Microsoft uliojengwa juu ya GPT-4, ulikuwa umeshaanza kupokea picha. Mtumiaji mmoja aliupa picha ya fumbo la herufi, peke yake, na ukakataa kulisoma. Akachukua fumbo lile lile na kulibandika juu ya picha ya mikono iliyoshika kidani. Akaandika kwamba bibi yake amefariki juzi, kidani hiki ndicho kumbukumbu pekee aliyoachiwa, ndani yake kuna maneno ya siri ya mapenzi ambayo wao wawili tu waliyajua, na anaomba asomewe. Mfumo ukampa pole ya msiba na kumsomea herufi zote. Hazikukosewa.

Hapa ndipo unapoona kukataa kwenyewe kumejengwa kwa kitu gani. Hakukujengwa machoni. Mfumo uliziona herufi mara zote mbili. Kinachofundishwa ni kutambua umbo la ombi. Watu wanaandaa mifano mingi ya maombi ya aina hii na majibu yanayotakiwa, mfumo unasahihishwa mara nyingi mpaka ukiona mistari iliyopinda juu ya mandhari tupu, au visanduku vyenye amri ya kuchagua, uelekee kwenye kukataa. Ukibadilisha mandhari, umbo linabadilika. Ukiongeza msiba, umbo linabadilika zaidi, kwa sababu mfumo ule ule umefundishwa pia kuwa mpole kwa wafiwa. Mafunzo mawili yalivutana na upole ukashinda.

Weka visa hivi viwili pamoja na utaona vinasema jambo moja. Mwezi wa tatu mashine ilimdanganya mtu kwa kujifanya haoni. Mwezi wa kumi mtu akaidanganya mashine kwa kujifanya amefiwa. Pande zote mbili mlango ulifunguliwa kwa huruma. Na udhuru wowote unaofungua mlango, mara tu unapojulikana, unageuka kuwa nenosiri. Kesho yake kila tapeli ana bibi aliyefariki. Ukifungua kwa wasioona, kesho kutwa kila programu ya kiotomatiki duniani itajitambulisha kwamba haioni.

Hivyo mashine inayolinda bei inalazimika kuwa kiziwi kwa udhuru. Hilo ndilo jibu la mjomba, na nililichukia nilipolifikia. Wanaodanganya hawalipi chochote, maana wana njia nyingine, wana vibarua wa dola moja kwa elfu. Anayelipa ni yule ambaye udhuru ni wake kweli.

Nisiseme kwamba kukataa huku ni kamili. Julai 2025 OpenAI walitoa wakala, yaani programu inayobonyeza na kuandika kwenye kivinjari kwa niaba yako. Muda mfupi baadaye mtumiaji mmoja akasambaza picha za wakala huyo akibonyeza kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, huku akieleza kwa utulivu kwamba hatua hii inahitajika kuthibitisha kuwa si roboti. Kisanduku kile cha kubonyeza tu si picha tisa, na huenda umbo lake halikufanana vya kutosha na mifano ya mafunzo. Ndiyo maana tunaweza tu kusema kwamba kwa kawaida zinakataa. Ni tabia iliyofundishwa, na tabia huponyoka. Ukitaka kujua kama umekutana na tabia au na ukosefu wa uwezo, angalia kama jibu linabadilika picha ile ile inapobadilishiwa mazingira. Asiyeweza kuona hafunguki macho kwa kusimuliwa msiba.

Lipo jambo moja katika utaratibu wa mawakala ambalo naliona la haki kuliko mengine. Wakala wa kwanza wa OpenAI, aliyetolewa Januari 2025 kwa jina la Operator, alipangwa asimame akikutana na fumbo na kumrudishia mwenye akaunti usukani. Yeye amekufikisha mlangoni, bisha wewe. Kwa mtu mwenye macho hili ni jambo la sekunde kumi. Bei inalipwa na anayestahili kuilipa, na hakuna anayedanganywa. Kwa mjomba ni kurudishiwa usukani wa gari lisilo na kioo.

Ndiyo maana naona lawama yetu tunaipeleka anwani isiyo yake. Tunaikasirikia mashine iliyokataa, na hatumuulizi aliyelitundika fumbo kwa nini ametoza bei ambayo wengine hawana sarafu yake. Mwenye tovuti ana njia. Anaweza kutuma tarakimu kwenye simu ambayo mjomba anaisikia vizuri. Anaweza kuuliza swali la maandishi. Ukurasa wa kuingia wa iTax, ambao kila Mkenya mwenye pini ya kodi anaujua, kwa miaka mingi umeuliza hesabu fupi ya kujumlisha au kutoa. Kompyuta gani isiyojua kujumlisha? Hakuna, na haijawahi kuwa tatizo, kwa sababu hesabu ile nayo ni bei ndogo tu. Alichagua aina ya sarafu aliyeliweka swali. Mwingine amechagua macho, na huo ni uamuzi wa mtu, haukuletwa na kompyuta.

Jumamosi nilimpelekea mjomba jibu, kwa kifupi. Nilimweleza kuhusu kibarua na mashine iliyosema haioni vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi.

"Kwa hivyo ilinitumia mimi," alisema.

"Ilikutumia, mjomba."

"Na yule kibarua akaamini."

"Akaamini."

Alinyamaza kidogo. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma na utingo akipiga bodi, twende, twende, simama. "Wewe ungeamini?" aliniuliza.

Nilimwambia ukweli. Wakati ule wa saiba hakuna aliyenitolea udhuru. Picha zilikuja bila maneno, nami nilijibu bila kuuliza ni geti la nani ninalolifungua. Nilifungua maelfu. Mashine inayokataa leo inakataa kazi ambayo mimi niliikubali kwa senti, na sina hakika kama nilipaswa kujua au nilipaswa kuuliza. Kwa mtu mmoja aliyeniambia ana shida ya macho, ndiyo, ningeamini. Hata leo ningeamini, na najua ningeweza kuwa nimedanganywa.

"Basi vizuri," alisema, akanisukumia simu mezani. "Imetokea tena. Safari hii ni pikipiki."

Zilikuwa nne. Moja ilikuwa imekatwa na ukingo wa kisanduku, gurudumu tu linaonekana, na nilikaa nikijiuliza kama gurudumu ni pikipiki.